Tanuri Lililovua Kaniki

Mombo joto halikuombi ruhusa. Ukishuka basi la Arusha mchana, jua linakuwa limeshakaa juu ya paa za bati na vumbi linanuka mkonge. Hapo ndipo barabara ya Lushoto inapoiacha ile kubwa, ikaingia kwenye ufa wa mlima na kuanza kujikunja. Nilipanda kosta iliyojaa watu, vifaranga na ndoo za rangi. Kona ya tatu, dereva akafungua dirisha. Kona ya kumi, mama aliyekaa mbele yangu akalifunga. Tulipopita Soni, ambapo maji yanaporomoka mawe kwa mawe kando ya barabara, abiria wawili walikuwa wameshatoa masweta. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na mtu anayepanda kutoka bondeni hahitaji kuambiwa amefika wapi, maana ngozi inamhesabia njia nzima.

Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakajenga nyumba za mawe na kupumzika kwenye baridi inayofanana na ya kwao. Jina limekwenda na wenyewe. Mkate ulibaki. Mpaka leo, kwenye shamba la Kanisa la Kilutheri pale Irente, njia ya kuelekea lile jabali ambalo ukisimama juu yake unaona mashamba ya mkonge ya Mazinde yamelala chini kama jamvi, wanauza mkate mzito mweusi, jibini na jamu. Wageni wanaupenda. Mimi sikuja kwa ajili ya huo. Nilikuja kwa ajili ya boflo moja niliyokula Dar es Salaam kwa rafiki yangu Msambaa, boflo yenye ganda linalolia likikatwa na harufu ya moshi kwa mbali sana, kama nguo iliyokaa karibu na jiko. Nikauliza imetoka wapi. Akasema, kwa shangazi yangu, mjane, anaoka kwa ajili ya gulio.

Shangazi huyo aliniomba nisilitaje jina lake, naye nimemtii. Nyumba yake iko juu ya Soni, mwendo wa dakika 40 kwa miguu, kwenye mteremko uliokatwa matuta ya kabichi na viazi. Udongo wa huko ni mwekundu kiasi kwamba mvua ikinyesha, njia inaonekana kama imemwagiwa rangi. Ukungu huja mchana bila taarifa, unakaa, unaondoka. Kila mahali kuna miwati, ile miti iliyoletwa zamani kwa ajili ya magome yake ya kutengenezea ngozi, na moshi wake ndiyo harufu ya jioni ya vijiji hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja siku ya kukanda. Nawa mikono."

Sikuwa nimekaa bado.

Tanuri lake liko uani, chini ya kibanda cha bati kisicho na kuta. Kwa mbali unaweza kudhani ni kichuguu, na hutakuwa umekosea sana, kwa sababu ni udongo wa kichuguu hasa. Mchwa huuchekecha udongo punje kwa punje na kuugandisha kwa mate yao, ndiyo maana wajenzi wa huku wanaupenda: unashikana na haupasuki hovyo. Marehemu mumewe alilijenga. Kwanza alipanga mawe mpaka kimo cha kiuno, akajaza mchanga juu yake, akalaza matofali ya kuchoma yakawa sakafu. Kisha akarundika mchanga mbichi juu ya sakafu hiyo kwa umbo la chungu kilichofudikizwa, akaufunika kwa magazeti yaliyolowanishwa, na juu yake akapaka udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, unene wa kama sentimeta 12. Udongo ulipokaza, akakata mlango na kuuchota ule mchanga wa ndani wote. Likabaki kuba tupu, upana wa mita moja kasoro, urefu wa ndani sentimeta 40.

Bomba la moshi halina. Nilipouliza, mama alicheka. Mlango wenyewe ndio bomba: moshi unatoka kwa juu, hewa baridi inaingia kwa chini, na vyote vinapishana bila kugombana. Sharti lake ni moja, kimo cha mlango. Wa kwake ni sentimeta 25, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kimo cha kuba. Ungekuwa mrefu zaidi, joto lingetoka na moshi. Ungekuwa mfupi zaidi, moto ungekosa pumzi ukafa. Marehemu aliyajua haya kwa baba yake, ambaye naye aliyapata alipokuwa mpishi kwenye jiko la misheni.

Tulikanda saa tisa. Unga kilo sita kwa boflo 16, na kilo tatu kando kwa skonzi. Unga wa boflo haupati kitu zaidi ya maji, chumvi na hamira. Wa skonzi unapata sukari, maziwa na siagi ya kupikia. Hamira anaweka kidogo kuliko nilivyozoea, kwa sababu huku juu hewa ni nyepesi na unga unaumuka haraka, ukiuachia unajipanda wenyewe na kuporomoka. Lakini Juni na Julai baridi inauzuia, na hapo beseni linafunikwa blanketi na kusogezwa karibu na tanuri. "Mlima unauharakisha, baridi inauchelewesha," alisema. "Mimi nasuluhisha."

Saa kumi na moja akawasha moto, kuni za mwati zilizokauka mpaka zikigongana zinalia. Hakuuwasha pembeni wala kwenye jiko la chini, maana jiko la chini halipo. Moto unawaka humo humo ndani mkate utakamolala, na hilo linawashangaza wengi wasiolijua tanuri la udongo. Mkate hauokwi kwa moto. Moto unaondolewa wote kabla mkate haujaingia. Kinachooka ni joto lililonywewa na kuta, na joto hilo tangu dakika ya kwanza halijui njia nyingine ila kushuka. Mwenye jiko la gesi akiona moto umepungua anazungusha kitufe. Huyu mama hana cha kuzungusha. Anachoweza ni kujua joto limefika wapi kwenye safari yake ya kushuka, na ni mkate gani unaolifaa saa hiyo.

Nusu saa ya mwanzo kuba lote la ndani liligeuka jeusi tii. Masizi. Nikadhani kuna kosa. Mama hakujali, alikuwa anakata unga vipande na kuvipima kwa mkono, halafu kwa mizani kunionyesha kwamba mkono haukudanganya. Tuliendelea kuchochea. Ilipopita saa moja na robo usiku, akaniita.

"Chungulia. Linavua kaniki."

Niliinama. Kwenye kilele cha kuba weusi ulikuwa umeanza kutoboka, duara la rangi ya udongo mkavu, na duara lile lilikuwa linatanuka mbele ya macho yangu, likiyafukuza masizi kuelekea chini. Ukuta ukishapata moto mkali, masizi hayawezi kukaa juu yake, yanaungua na kupotea. Ndiyo alama yake ya kwanza, na haikosei: kuba likiwa jeupe juu na mbavuni bado jeusi, anaongeza kuni. Likivua mpaka chini, kwenye maungio na sakafu, kuni basi.

Kaniki ndiyo nguo ya msiba ya bibi zetu, naye alilisema neno lile bila kutabasamu. Nikakaa kimya. Baadaye, makaa yalipokuwa yametandazwa sakafuni ili matofali nayo yanywe sehemu yao, akanisimulia mwenyewe.

Miaka yote ya ndoa kazi zilikuwa zimegawanywa. Yeye alikanda, mume akaoka. Hakuwahi kumfundisha, wala yeye hakuuliza. Kila mtu alikuwa na upande wake wa meza. Kila jioni ya kuoka alimwona mumewe anapiga goti mlangoni mwa tanuri, anaingiza mkono, midomo inachezacheza. "Nikadhani anasoma dua," alisema. "Nikawa nanyamaza, nisimkatize."

Mume akafariki kwa ghafla msimu wa mvua za vuli. Akaingia eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nyumbani. Gulioni hawezi kwenda, lakini ua ni wake, na tanuri liko uani. Wifi yake akasema, wewe oka, mimi nitauza. Mara ya kwanza mikate iliungua chini, juu myeupe. Mara ya pili iliungua juu, chini mibichi. Mara ya tatu ilipendeza kwa nje, wifi akaenda nayo gulioni, akarudi na maneno: wateja wamekata, ndani unga.

"Siku hiyo nikakaa hapa kwenye kigogo. Nikapiga goti kama yeye. Nikaingiza mkono kama yeye. Sasa nisome dua gani? Nikaona ulimi wenyewe unaanza: moja, mbili, tatu. Nikautoa mkono, unauma. Nikasema, kumbe! Huyu bwana alikuwa anahesabu."

Alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka naye.

Lakini hesabu ya marehemu hakuipata, na asingeweza kuitumia hata angeipata. Mkono wa mwokaji wa miaka 30 una ngozi ya kwato. Pale ambapo mume pengine alifika 12, yeye alifika nane. Ilibidi atafute hesabu yake, na miezi ile minne ndiyo iliyokuwa shule: anahesabu, anaingiza mkate, anaona ulivyotoka, anakumbuka namba. Makosa yale mawili ya mwanzo nayo aliyaelewa. Mkate ukiungua chini na kubaki mweupe juu, sakafu haikupumzishwa, matofali bado yana hasira ya makaa. Ukiungua juu na kubaki mbichi chini, makaa yalirundikwa kona moja badala ya kutandazwa, kwa hiyo kuba limekunywa na sakafu ina kiu. La tatu, lile la ndani unga, lilimchukua muda zaidi, na nitalifikia, maana mimi mwenyewe nililirudia mbele yake.

Saa mbili kasoro robo akayakokota makaa yote nje kwa reki ya mti, akayatia kwenye jiko la maharage. Akafagia kwa gunia bichi lililofungwa kwenye fimbo, mvuke ukapaa mpaka batini. Hapo nikatoa kifaa changu. Kabla ya safari nilinunua Kariakoo kipimajoto chenye umbo la bastola, unakielekeza ukutani, unabonyeza, namba inatokea. Sakafu: 340. Nikamwonyesha. Akaitazama namba kwa adabu, kama mtu anavyotazama picha ya mtoto wa mgeni.

Akachukua kipande cha unga, akakipapasa kikawa bapa, akakitupa ndani. Dakika moja na nusu kilikuwa kimetuna na kupata madoa meusi. Huo anauita mkate wa kupimia, na mwenye haki nao ni mjukuu wake wa miaka sita, aliyekuwa amekwisha kaa tayari na kikombe cha chai. Kisha akaufunga mlango kwa ubao uliolowekwa majini tangu asubuhi, akaziba nyufa kwa tope.

"Sasa tunaliacha lipumue."

Huku ndiko kunakowashinda wenye haraka. Moto ukitoka, uso wa ndani wa ukuta una joto kupita kiasi na nyama ya ukuta bado haijashiba. Ukiingiza mkate saa hiyo, ganda linaungua kabla ya joto kufika kiini. Ukingoja, joto la uso linazama ndani ya udongo, sakafu na kuba vinasawazishana, na kile kilichozama kinarudi polepole, sawasawa, kwa muda mrefu. Tulingoja dakika 40. Akafungua, akarusha chembe za unga mkavu sakafuni. Zingekuwa nyeusi papo hapo, tungefunga tena. Ziligeuka rangi ya kahawa ya maziwa, taratibu, karibu nusu dakika. Akapiga goti, akaingiza mkono. Nane. Kifaa changu kikasema 245.

Boflo 16 zikaingia kwenye makopo yake ya bati, kwa ubao mrefu kama kasia, za nyuma kwanza. Akarusha maji kidogo ukutani na kufunga. Dakika kumi za mwanzo mlango haufunguliwi hata kama anakuja mkuu wa wilaya, kwa sababu ule mvuke ndio unaolifanya ganda libaki laini wakati mkate unajitanua. Ukiutoa mvuke mapema, ganda linakauka, mkate unabanwa humo humo au unapasukia ubavuni.

Ni harufu iliyotuambia saa. Mwanzo uani kulinuka unga mbichi na chachu, kisha kitu kama mahindi ya kuchoma, na mwisho ikaja ile harufu yenyewe, ambayo ukiwa mlimani usiku wenye baridi inakukumbusha kwamba una njaa hata kama umekula. Dakika 35. Akautoa mmoja, akaupindua, akaugonga tumboni kwa kifundo cha kidole. Ngo, ngo. Ndani una hewa, umeiva. Mbichi haulii.

Tanuri sasa lilikuwa na nyuzi 205, na mama akahesabu 12. Zamu ya skonzi. Kama zingetangulia, sukari na maziwa yaliyomo yangepata weusi kabla ya ndani kuiva. Boflo isiyo na sukari inaweza kulikabili tanuri kali, skonzi inalingoja litulie. Dakika 20 zikatoka 60, rangi ya hina. Zilipotoka, akaingiza mkate wa ndizi zilizoiva sana na unga wa mahindi, uliofungwa kwenye majani ya mgomba, akaziba mlango tena kwa tope. Huo hauuzwi. Unakaa humo mpaka alfajiri, joto likishuka kutoka 170 kwenda 100, na asubuhi unakatika kama sabuni ya mche, mweusi na mtamu, bila mtu kuamka usiku kuuangalia.

Niliamka saa kumi na moja kwa sauti za watu njiani. Ukungu ulikuwa umekaa bondeni na vilele vimesimama juu yake kama visiwa. Wanawake walikuwa wanateremka na matenga ya karoti, pilipili hoho na plamsi, wengi wakienda kuuza kwa madalali wa magari ya Dar es Salaam. Sisi tulibeba mkate. Gulioni mama ana mahali pake, kitambaa cheupe chini, skonzi mia mbili mia mbili, boflo kwa wale wanaozijua. Mzee mmoja alichukua boflo, akaigonga chini, akasikiliza, akalipa. Hawakusemeshana hata neno. Saa tatu kitambaa kilikuwa kitupu.

Nilitakiwa kuondoka siku hiyo. Nikabaki kwa ajili ya gulio la pili, siku tatu mbele, na nashukuru, kwa sababu mvua ilinyesha.

Ilinyesha mchana kutwa, mvua ya mlimani isiyo na ngurumo, inayosimama tu hewani. Kibanda kinalinda tanuri lisilowe, lakini udongo hunywa unyevu wa hewa, na kuni ambazo hazikuhifadhiwa vizuri zilitoa moshi mzito. Mume wa jirani alikuwa amezichukua zile kavu kwa shughuli yake. Moto uliwaka kwa manung'uniko, saa moja na nusu tu, kwani unga ulikuwa umeshaumuka na hausubiri. Kuba likavua kaniki juu, mbavuni likabaki kijivu. Makaa yakatolewa. Baada ya dakika 15 nikaelekeza bastola yangu: 245. Namba ile ile.

"Mama, limefika."

Hakupiga goti. Alizunguka nyuma ya tanuri, akaweka kiganja mgongoni kwa nje, kwenye udongo, na akakiacha hapo muda mrefu, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Bado."

"Lakini namba ni ile ile ya juzi."

"Njoo ushike."

Nikashika. Baridi. Juzi, nikakumbuka, mgongo ule ulikuwa na uvuguvugu, na paka alilala juu yake.

Nikabishana, kwa heshima lakini nikabishana. Mtu aliyelipia kifaa hupenda kukitetea. Mwishowe akasema, haya, tia makopo manne yako, tuone, mengine yanangoja. Nikayaingiza kwa mikono yangu. Dakika 20 baadaye nikapima: 175. Juzi, baada ya dakika 35 na boflo 16 nzima, tanuri lilikuwa bado na 205. Mikate yangu ilikaa karibu saa nzima. Ilitoka na rangi ya karatasi, ganda nene kama kwato, na nilipougonga mmoja, ulijibu kama godoro. Ndani unga.

Namba yangu haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya uso. Kipimajoto kile kinasoma ngozi ya ukuta peke yake, na ngozi inaweza kupata 245 kwa moto mfupi kama inavyoipata kwa moto mrefu. Tofauti iko kwenye kina. Joto linatambaa ndani ya udongo polepole mno. Unene wa sentimeta 12 unalichukua zaidi ya saa moja kuanza kuhisika upande wa pili. Mgongo ukipata uvuguvugu, ina maana ukuta mzima umeshiba, na unga baridi ukiingia, kuna akiba ya kuulisha. Mgongo ukiwa baridi, akiba ni ndogo: unga unaimaliza dakika za mwanzo, na zinazobaki mkate unakauka tu bila kuiva. Ndilo lile kosa la tatu, lililomrudisha wifi kutoka gulioni na maneno. Kwa mkono wa ndani mama anajua joto liko wapi sasa. Kwa mkono wa nje anajua litadumu. Marehemu, alisema, alikuwa na desturi ya kuegemea tanuri akiwa anavuta sigara, na yeye miaka yote alidhani anaota moto tu.

Tuliwasha upya. Ilibidi tuuponde unga, tuukunje, uanze kuumuka mara ya pili, na tukachoma kuni za paa la banda la kuku. Boflo zilitoka saa saba ya usiku, chini kidogo ya zile za juzi kwa urefu, kwa kuwa unga ulioumuka mara mbili huchoka. Gulioni yule mzee aliigonga yake, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko siku ile, akalipa. Mikate yangu minne ilikwenda kwa kuku, waliokuwa na madai yao.

Kitu cha mwisho anachofanya, na ambacho sikukiona usiku ule wa kwanza kwa kuwa nililala, ni kuni. Mkate wa ndizi ukitolewa alfajiri tanuri linakuwa na nyuzi kama 100, haliwezi kuoka kitu tena. Analijaza kuni za safari ijayo, mbichi kama zilivyo, na kuliacha wazi kidogo ili unyevu utoke. Safari hii alizipanga mwenyewe mpaka juu, akahesabu vipande kwa sauti, na akamwambia mjukuu kwamba jirani akija tena, ajibiwe kuwa mlango umezibwa kwa tope.

Asubuhi ya kuondoka tulikaa kwenye kigogo. Chini yetu ukungu ulikuwa unapanda kutoka Soni, na upande wa pili wa bonde mtu alikuwa anafyeka akiimba. Mjukuu alileta chai ya rangi yenye tangawizi, vikombe vitatu, na skonzi zilizobaki. Nikanyoosha mkono kuchukua changu.

"Ngoja," akasema mama. "Kile kibastola chako kiko wapi?"

Nikampa. Akakielekeza kikombeni, jicho moja amelifumba, akabonyeza, akanigeuzia nisome.

"Sabini na nne."

Akakitumbukiza kidole chake cha shahada kwenye chai yangu, akakitoa, akakifuta kwenye kanga.

"Kweli," akasema, akanirudishia kifaa. "Kula skonzi kwanza."